Kusaga Supu ya Moto Bila Kifuniko Kuruka

Supu ya maboga iliyotoka jikoni ikimiminwa kwenye blenda, hewa iliyobaki juu yake huwa bado ina ubaridi kiasi. Visu vikianza kuzunguka, supu hurushwa na kuchanganyika na hewa hiyo, ambayo hupata joto ghafla na kutanuka, huku mvuke ukiongezeka. Ukikosa pa kutokea, msukumo wake hung'oa kifuniko na supu humuunguza mpishi.

Kwa usalama, supu huachwa ipoe dakika 10 hivi, kisha jagi hujazwa lisizidi nusu. Kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko huondolewa, na tundu hufunikwa kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa ili mvuke upenye. Kifuniko hushikiliwa, na mashine huanzishwa kwa kasi ndogo. Blenda isiyo na tundu haifai kusagia supu ya moto.