Mbwa Anayejiburuta Makalio

Mbwa akikaa chini na kujiburuta kwa makalio, wengi wetu husema, "Huyu ana minyoo." Mara nyingine ni kweli. Tazameni chini ya mkia. Mkiona vipande vyeupe kama punje za mchele, huyo ni tegu. Lakini kama havipo, na mbwa ananuka kama samaki aliyeoza, huenda vifuko vyake vya harufu vimeziba.

Kila mbwa ana vifuko viwili, dume na jike. Vimo ndani ya nyama, kando ya tundu la haja kubwa. Tundu hilo tulifananishe na uso wa saa: kifuko kimoja kipo kwenye namba 4, kingine kwenye namba 8. Ndani mna majimaji yenye harufu kali. Mbwa akipata choo kigumu kiasi, vifuko hubanwa na majimaji hutoka. Akiharisha siku nyingi havibanwi vizuri. Basi majimaji hubaki, huwa mazito kama uji, na kijitundu huziba. Hapo mbwa huwashwa.

Tuchukue mfano wa mbwa aitwaye Simba. Aliharisha wiki nzima, kisha akaanza kujiburuta. Bwana Mifugo alimwonyesha mwenyewe namna ya kukamua. Mtu mmoja alimshika kichwa, mdomo umefungwa kwa kitambaa. Mwingine alivaa glavu, akainua mkia, akaweka pamba yenye maji ya vuguvugu juu ya tundu. Kidole gumba kikawa nje ya kifuko kimoja, na cha shahada nje ya kingine. Akabonyeza polepole kwenda ndani, kisha akasukuma kuelekea tundu. Asimame pembeni, maana majimaji huruka! Yakitoka ya kahawia ni kawaida. Yasipotoka kwa nguvu ndogo, acheni. Bwana Mifugo anaweza kuingiza kidole chenye glavu na mafuta, akakamua kifuko kimoja kimoja.

Sasa tuseme upande mmoja umevimba, ni mwekundu, una joto, na mbwa analia ukimgusa. Hilo ni jipu. Hapo msikamue kabisa, kwa sababu kifuko kinaweza kupasukia ndani. Bwana Mifugo atalipasua, atalisafisha, na atatoa dawa ya kuua vijidudu. Kidonda huachwa wazi ili usaha uendelee kutoka. Wala msimpe mbwa vidonge vyenu vya maumivu, vingine humwua.

Je, upasuaji wa kuondoa vifuko? Daktari wa mifugo huufikiria kama vinaziba au jipu linarudi mara kwa mara hata baada ya matibabu, au kama kuna uvimbe mgumu usiokwisha. Kama ni jipu, husubiri kwanza usaha ukauke. Hafanyi haraka, kwani karibu na vifuko ipo mishipa ya fahamu inayofunga choo. Ikiharibika, mbwa atadondosha kinyesi ovyo bila kujua.

Na mbwa asiye na shida yoyote, msimkamue.