Barua ya Shukrani Huanzia kwenye Daftari

Muuza kanga wa jumla wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, akitaka kumshukuru mteja wake wa Mbeya kwa miaka 15 ya biashara, asikimbilie kalamu. Afungue kwanza daftari la mali kauli. Humo yamo mambo ambayo kumbukumbu imeshayasahau: mzigo wa kwanza ulikuwa kiasi gani, lini mteja alianza kuaminiwa kwa mkopo, na mwezi gani alikwama kulipa kisha akamaliza.

Tuchukue mfano. Daftari likimkumbusha hayo, barua yake inaweza kuwa hivi:

“Dada yangu, salamu nyingi kwako na watoto. Mwezi huu tunatimiza miaka 15 tangu uchukue kwangu korija mbili za kwanza, tena kwa taslimu, maana hatukuwa tunajuana. Sijasahau Mei 2023, maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo. Wengine walitafuta mzigo kwingine. Wewe ukasema utasubiri, nawe ukasubiri huku duka lako likiishiwa. Ni wewe pia uliyeniambia kwamba rangi zinazopendwa Dar si lazima zipendwe Mbeya, nikaacha kukupakilia nisichoagizwa. Nakushukuru sana. Mimi kaka yako.”

Barua hiyo haiwezi kupelekwa kwa mteja mwingine, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Wenye maduka katika soko moja huonyeshana barua. Wakikuta maneno ni yale yale, majina tu yamebadilishwa, shukrani imegeuka tangazo.

Angalieni pia yasiyomo. Hakuna jumla ya manunuzi ya miaka yote, kwa kuwa karatasi hupita mikononi mwa watu, na ukubwa wa biashara ya mtu ni siri yake. Hakuna orodha ya mzigo mpya. Wala hakuna ahadi ya kupunguziwa bei “daima”. Hiyo ni hatari kuliko zote, kwani bei ya kiwandani ikipanda, mteja ataitoa barua mkobani, na atakuwa na haki. Mwenye kutaka kutoa kitu ataje kitu chenye mwisho: nauli ya basi ya mzigo ujao, kwa mfano, iwe juu yake.

Zawadi ya doti moja inafaa, ila asome kwanza jina la kanga. Mengi ni mafumbo, na fumbo la kusuta majirani likifika na barua ya shukrani litazua maswali ambayo simu haitayamaliza.

Barua isifungwe ndani ya robota, kwa sababu aghalabu robota hufunguliwa na vijana wa dukani. Ipelekwe peke yake, mkononi mwa mwenyewe. Na kama bado anadaiwa, deni lidaiwe siku nyingine.