Tangazo Lililoshinda Wenzake Kumi na Tisa

Wiki hii nimeulizwa tena: "Nimejaribu matangazo 20 na moja limeshinda. Niongeze watu wangapi ili niwe na uhakika?" Aliyeuliza tayari ameshaambiwa na mtu kwamba watu wakiwa wengi, bahati huondoka yenyewe. Haiondoki, na nimechoka kuona fedha za wafanyabiashara wadogo zikiteketea kwa ushauri huo.

Tuchukue duka la vitenge linalouza mtandaoni. Tangazo lake la zamani, kwa miezi mingi, hubofywa na watu 2 katika kila 100 wanaoliona. Mwenye duka anatengeneza mapya 20: hapa kitenge kimevaliwa, pale kimekunjwa, hili limeandikwa "Agiza leo", lile "Nunua sasa". Kila moja linaonyeshwa kwa watu 5,000. Sasa tuseme hakuna hata moja lililo bora kuliko la zamani, ila yeye hajui. Kila moja lilitarajiwa kupata mibofyo 100.

Hayatapata 100 sawasawa. Moja litapata 93, jingine 108, kwa sababu tu ya watu waliotokea kuliona siku hiyo. Ndiyo maana huwekwa kizingiti: tangazo huhesabiwa limeshinda pale ambapo bahati tupu ingelifikisha hapo mara 5 tu katika 100. Kwa hesabu za duka hili, kizingiti ni mibofyo 117 hivi. Kwa tangazo moja hiyo ni kinga ya kutosha. Kwa matangazo 20, mlango huo mdogo umefunguliwa mara 20. Uwezekano wa yote kubaki chini ya kizingiti ni 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani kama 0.36. Basi mara 64 katika 100 mwenye duka atapata angalau "mshindi" mmoja, ilhali mshindi hayupo.

Haya, tumfuate yule mshauri. Kila tangazo sasa lionyeshwe kwa watu 50,000. Mibofyo inayotarajiwa ni 1,000, na kizingiti nacho kinasogea hadi 1,052 hivi. Kwa nini kinasogea? Kwa sababu tumekiweka sisi wenyewe pale ambapo bahati hufika mara 5 katika 100, na pale ndipo kitakapokaa hata ukileta watu milioni. Milango bado ni 20, na uwezekano wa kupata mshindi wa uongo bado ni 64 katika 100. Umelipia watu mara kumi na hatari haikupungua hata chembe.

Kilichobadilika ni ukubwa wa uongo. Awali mshindi wa bahati alionekana kubofywa na watu 2.3 au zaidi katika 100. Sasa ataonekana na 2.1. Watu wengi husaidia pia tangazo lililo bora kweli lionekane, na hilo silipingi. Lakini aliyeuliza hakuuliza hilo. Aliuliza kama mshindi aliye naye mkononi ni wa kweli, na wingi wa watu peke yake haujibu swali hilo.

Linalozidisha madhara ni kukatakata matokeo. Mtu akikosa mshindi, hugawa watazamaji katika makundi manne ya umri, kisha anatangaza kwa furaha kwamba tangazo la 14 limewavutia wa miaka 25 hadi 34. Hapo amefanya majaribio 80, na uwezekano wa bahati kumpa angalau ushindi mmoja ni zaidi ya 98 katika 100.

Tiba zipo, wala si ngumu. Gawanya ile 5 kwa idadi ya majaribio, njia iliyoelezwa na Olive Jean Dunn mwaka 1961 na ambayo wengi huiita ya Bonferroni: kwa matangazo 20 inabaki 0.25 katika 100, na kizingiti cha duka letu kinapanda hadi mibofyo 130 hivi. Ukiona ni kikali mno, jaribu matangazo matatu yanayotofautiana kweli badala ya 20 yanayofanana. Au chukua mshindi peke yake, umshindanishe upya na lile la zamani mbele ya watu wengine kabisa, nusu kwa nusu, bila kuuachia mtambo wa matangazo umwagie fedha anayetangulia, na mibofyo ya mwanzo usiihesabu tena. Wa bahati atapita mtihani huo mara 5 tu katika 100.

Ukija kwangu na tangazo lililoshinda, njoo pia na idadi ya yote lililoshindana nayo, pamoja na yale uliyokwisha kuyafuta. Bila idadi hiyo siwezi kukukokotolea chochote.