Kipandauso na Zile Dakika 15 za Kwanza

Mwambie mwenye kipandauso akakimbie, atakutazama kama umemwambia akalime na homa. Ana haki. Siku kichwa kinapomshika, kupanda ngazi tu kunatosha kuufanya upande mmoja udunde kama ngoma, kichefuchefu kimpande na mwanga wa dirishani umchome macho. Tena wapo ambao mazoezi yenyewe ndiyo yaliwaletea balaa. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 103 waliulizwa, na 38 kati ya kila 100 walisema mazoezi yamewahi kuwaamshia kipandauso. Zaidi ya nusu ya hao waliuacha mchezo uliowaletea maumivu.

Ila hapa mambo mawili yanachanganywa. Mazoezi wakati kichwa kinauma ni kosa. Siku hiyo ni ya dawa, chumba chenye giza na usingizi. Mazoezi katika siku ambazo kichwa kimetulia, yakifanywa kwa miezi, ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Gothenburg, Sweden. Mtaalamu wa tiba ya viungo Emma Varkey na wenzake waliwagawa wagonjwa 91 katika makundi matatu kwa kura. Wote walikuwa wakipata mashambulio mawili hadi manane kwa mwezi. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi dakika 40, mara tatu kwa wiki, zaidi kwa baiskeli ya ndani. La pili lilifundishwa kulegeza misuli na kutuliza akili. La tatu lilipewa topirameti, dawa inayotumika kuzuia kipandauso. Baada ya miezi mitatu, makundi yote yalikuwa yamepunguza karibu shambulio moja kwa mwezi, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Thuluthi ya waliomeza dawa walipata madhara. Katika makundi mengine mawili hakuna aliyeyapata.

Shambulio moja kwa mwezi si uponyaji, na anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia maneno. Wala hiyo si ruhusa ya kuacha dawa ulizoandikiwa. Lakini anayepoteza siku mbili kitandani kwa kila shambulio anajua siku mbili ni nini.

Kilichonivutia mimi ni jinsi zile dakika 40 zilivyogawanywa. Dakika 15 za kwanza zilikuwa za kupasha mwili joto. Zikafuata 20 za kazi yenyewe, kisha 5 za kupoa. Yaani zaidi ya theluthi ya muda iliwekwa kwenye maandalizi, wakati wengi wetu tunaponyoosha miguu mara mbili tunaona tumemaliza. Kwa mwenye kipandauso hatari kubwa iko hapo: moyo uliokuwa umetulia unapotakiwa ghafla kwenda mbio. Ukipandishwa taratibu, mwili huo huo huvumilia.

Kipimo chao hakikuhitaji mashine. Msweden mwingine, mwanasaikolojia Gunnar Borg, alibuni ngazi ya namba kuanzia 6 hadi 20, ambapo mtu mwenyewe anataja namba inayolingana na jinsi anavyojisikia. Sita ni kukaa kitini. Ishirini ni kutojiweza tena. Gothenburg walipasha mwili kwa 11 hadi 13, wakafanya kazi kwa 14 hadi 16. Kwa lugha ya barabarani, kwenye 11 unapiga soga na mwenzako bila kukatiza. Kwenye 13 unaongea, ila unaanza kuchagua maneno. Kwenye 15 unajibu kwa maneno matatu, kisha unavuta pumzi.

Sasa tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi pale Tanga, ana miaka 36, anapata mashambulio manne kwa mwezi, na hajafanya mazoezi tangu alipomaliza shule. Wiki nne za mwanzo haendi popote. Anaandika tu kwenye daftari: tarehe, saa kichwa kilipoanza, ukali kuanzia 0 hadi 10, dawa aliyomeza, siku za hedhi. Bila kurasa hizo hatajua baadaye kama alisaidika.

Wiki mbili zinazofuata anatembea Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, dakika 15, mwendo wa soga. Basi. Ataona anapoteza muda, na avumilie hivyo hivyo. Kisha, baada ya zile 15, anaongeza dakika 5 za mwendo wa 13 na dakika 5 za kupoa. Kila wiki mbili anaongeza dakika 5 nyingine katikati, kwa hiyo wiki ya tisa ya kutembea anafika 40 kamili. Muda ukishakaa ndipo anagusa kasi, kwa kupanda kilima au kukimbia polepole, mpaka 14. Haongezi muda na kasi kwa pamoja, maana kichwa kikiuma hatajua alaumu kipi.

Wiki ya sita, Jumamosi, amechelewa kuamka. Anatoka saa tatu jua limeshawaka, chai hajanywa, na ili kufidia muda anaanza moja kwa moja na mwendo wa haraka. Saa saba mchana kichwa kinamshika. Ni rahisi kusema mazoezi hayamfai, lakini daftari linasema mengine: tumbo tupu, joto, na maandalizi yaliyorukwa. Njaa na kukaukiwa maji humwamsha kipandauso hata aliyekaa barazani. Dawa ya hapo ni kutoka saa kumi na mbili, baada ya ndizi au kipande cha muhogo na glasi ya maji. (Mwezi wa Ramadhani atembee usiku, futari ikishatulia.) Kichwa kikimshika mara mbili ilhali kila kitu kilikuwa sawa, arudi hatua moja nyuma kwa wiki mbili.

Zipo pia siku ambazo kipandauso kimeshaanza safari kabla ya maumivu. Shingo inakaza, miayo haiishi, hamu ya vitu vitamu inazidi. Akitembea haraka siku hiyo, atadhani kutembea ndiko kulikomuumiza. Siku kama hizo, na zile mbili kabla ya hedhi ikiwa kichwa chake hufuata hedhi, anafanya zile dakika 15 tu na kurudi nyumbani.

Ila kuna maumivu yasiyongoja daftari. Kichwa kinachopasuka ghafla katikati ya mazoezi na kufika kilele ndani ya dakika moja, kinachokuja na kifua kubana, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, ni cha kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile, ambaye maumivu ya kichwa yanamwanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 amwone daktari kabla ya kuvaa raba.

Mwezi wa tatu unapokwisha, mwalimu wetu hajihisi mtu mpya. Anafungua daftari, anahesabu zile wiki nne za mwanzo, kisha nne za mwisho. Mashambulio yalikuwa manne, sasa ni matatu, na siku za kumeza dawa zimeshuka kutoka tisa hadi sita. Jumatatu saa kumi na mbili yuko barabarani tena, kwa mwendo wa soga, hadi zile 15 zitimie.