Posti ya seti za shule na tarehe ya mwisho ya oda

Muhula mpya nchini Tanzania huanza Januari, na kuanzia Desemba maduka ya steshenari, kuanzia Kariakoo hadi mikoani, hujaza Instagram posti za picha kadhaa zinazotazamwa kwa kutelezesha kidole. Muuzaji hupanga vifaa kwa seti kulingana na darasa, huandika bei ya kila seti, na katika picha ya mwisho hutaja siku ambayo oda zitafungwa.

Picha ya kwanza ndiyo inayomfanya mzazi asimame, kwa hiyo hutosha ikisema kinachouzwa, madarasa yanayohusika na bei ya kuanzia. Ya pili inahitaji kujitegemea pia. Mtu akiipita posti bila kutelezesha, Instagram huweza kumrudishia baadaye ikianzia picha hiyo, na isipojieleza yenyewe hataelewa anauziwa nini. Zinazofuata ni za seti, kila seti na picha yake. Vitu vinavyopigwa picha viwe vilevile vinavyouzwa. Begi likiwekwa kando kwa ajili ya pambo tu, mzazi atalidai mzigo ukifika, na atakuwa na haki.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye bei. Tuseme seti ya darasa la tano ina madaftari 12 ya shilingi 600 kila moja, kalamu 6 za shilingi 300, dazani ya penseli kwa shilingi 1,500, kifutio na kichongeo kwa shilingi 1,000, rula ya shilingi 500 na mkebe wa hesabu wa shilingi 4,000. Kimoja kimoja, jumla ni shilingi 16,000. Seti ikiuzwa shilingi 14,500, mzazi anaokoa 1,500. Ikiwa vifaa hivyo vilinunuliwa kwa jumla kwa shilingi 11,200 na mfuko wa kufungia ni 500, muuzaji anabaki na 2,800 kabla ya kodi ya fremu na gharama nyingine. Hapo pande zote mbili zimepata kitu.

Hesabu hiyo huvurugwa na usafiri. Mzigo wa seti moja ukipelekwa mkoani kwa basi kwa shilingi 5,000, nafuu yote ya mzazi imekwisha na ameongeza zaidi ya 3,000 juu ya bei ya rejareja. Ndiyo maana posti nzuri husema wazi kwamba bei haina usafiri, kisha huwashauri wateja wa mikoani waagize seti za watoto wawili au watatu katika mzigo mmoja. Idadi ya kurasa za daftari nayo haifai kuachwa, kwani daftari la kurasa 48 na la kurasa 80 yanafanana sana pichani. Kwa sekondari hutajwa ukubwa wa kaunta buku: ya kwaya 2 ina kurasa 192, ya kwaya 3 ina kurasa 288.

Tarehe ya mwisho hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Shule zikifunguliwa Jumatatu tarehe 12 Januari, mzigo wa Mwanza unapaswa kuwa mkononi mwa mzazi kufikia Ijumaa tarehe 9, ili abaki na siku mbili za kufunika madaftari na kuandika majina. Basi lipewe siku mbili, ufungaji siku moja, na kufuata bidhaa zilizopungua siku moja. Oda za mikoani basi zitafungwa Jumatatu tarehe 5. Za Dar es Salaam, zinazopelekwa na bodaboda, zinaweza kusubiri hadi Jumatano tarehe 7. Tarehe moja kwa wote huwaumiza wa mbali.

Tangazo litaje saa pia, kwa mfano saa 10 jioni, na lieleze kwamba oda huhesabiwa malipo yakithibitishwa. Bila sharti hilo, watu huandika “niwekee moja” na kutoweka, huku waliokwisha kulipa wakiambiwa seti zimekwisha. Mwaka uandikwe kwenye tarehe, maana posti ya zamani huendelea kusambazwa na kuleta oda za bei iliyokwisha kupita.

Picha iliyokwisha kuchapishwa haibadilishwi kwa nyingine, ila maelezo yaliyo chini yake yanarekebishika. Bei iliyokosewa pichani humlazimu muuzaji kuifuta picha hiyo au kuichapisha posti upya, na kusahihisha maelezo pekee huacha bei mbili zikipingana mbele ya mteja. Kwa hiyo bei husomwa na mtu wa pili kabla ya kuchapishwa, picha ikilinganishwa na maelezo.

Mzazi naye ana vya kuangalia. Muuzaji anayeficha bei na kumtaka kila mtu aulize faraghani humnyima nafasi ya kulinganisha. Wakati wa kulipa kwa lipa namba, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilingane na la duka. Lisipolingana, malipo yasitishwe mpaka duka lithibitishe kwa simu.