Cheti Kikipotea, Kwanza Huulizwa Namba

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, vijana huyatazama kwenye simu siku hiyo hiyo. Vyeti vyenyewe huja miezi kadhaa baadaye, na haviji nyumbani. Hupelekwa kwenye kituo mtu alichofanyia mtihani: shuleni kwake kama alikuwa mwanafunzi, au kituo alichojisajili kama alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye cheti huenda mwenyewe, akajitambulisha na kutia saini kwenye daftari. Lakini kufikia wakati huo wengi wako kidato cha tano mkoa mwingine, au wameingia mjini kutafuta riziki, na cheti hubaki kabatini kwa mkuu wa shule.

Shida huanza tangazo la kazi linapotoka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakieleza bila kuficha kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa. Kinachotakiwa ni cheti. Mwombaji aliyeridhika miaka yote na karatasi ile ya matokeo hujikuta akipanda basi kurudi shuleni wakati siku za kuomba zinayoyoma.

Kuna pia dhana kwamba nakala ikishapigwa muhuri wa wakili, uhakiki umekwisha. Sivyo. Wakili huthibitisha kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa. Kama karatasi hiyo ilichapwa kichochoroni, muhuri hauiponyi.

Anayeweza kusema cheti ni cha kweli ni aliyekitoa, na yeye huanzia kwenye namba ya mtihani. Namba hiyo ina sehemu tatu: herufi na tarakimu za kituo, tarakimu nne za mtahiniwa, kisha mwaka. S mwanzoni humaanisha mtahiniwa wa shule, P mtahiniwa wa kujitegemea. Mwajiri anaweza kufungua matokeo kwenye tovuti ya Baraza, akatafuta kituo na namba, akaona jinsia, daraja na alama za kila somo. Alama zikitofautiana na zilizo kwenye cheti, mwombaji ana maswali ya kujibu. Zikifanana, kazi bado haijaisha, kwa sababu orodha hiyo ya kidato cha nne haionyeshi jina. Mtu anaweza kuja na cheti halisi, chenye alama halisi, kumbe ni cha ndugu yake. Ndiyo maana mwajiri makini hupeleka majina na namba kwa Baraza lenyewe.

Uzito wa jambo hili ulionekana tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa Chuo Kikuu cha Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Lakini kundi linalofundisha zaidi ni dogo kuliko hilo: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Hapo karatasi yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilijitokeza pale namba moja ilipoonekana kwenye majalada mawili, pengine ya wilaya mbili tofauti, na kila mmoja akidai ndiye aliyekaa kwenye chumba kile cha mtihani.

Hofu hiyo hiyo ndiyo inayoamua mtu aliyepoteza cheti atapewa nini. Chukua wawili walioibiwa mkoba. Wote huanzia polisi kuchukua taarifa ya upotevu, kisha huwasilisha maombi kwa Baraza na kulipa kwa namba ya malipo ya serikali. Wa kwanza alimaliza miaka ya karibuni na cheti chake kilikuwa na picha. Baraza linaweza kulinganisha sura yake na picha iliyo kwenye kumbukumbu na kumpa cheti mbadala. Wa pili alimaliza miaka ya 1990, cheti kikiwa hakina picha. Yeye hapewi kingine mkononi. Baraza huandika uthibitisho wa matokeo na kuupeleka moja kwa moja kwa mwajiri au chuo anachokitaja. Wengi huuona utaratibu huu kuwa mgumu, lakini ni wa haki: pasipo picha, cheti cha pili kingeweza kuishia mkononi mwa aliyeiba cha kwanza.

Anayesoma haya na cheti chake bado kiko shuleni, akifuate kabla mkuu wa shule na mtunza daftari hawajahamishwa. Akikipata, aipige picha na kuandika namba ya mtihani mahali pengine, mbali na mkoba wenye cheti. Pasipo namba hiyo, kituo na mwaka, ofisa wa Baraza hana pa kuanzia kutafuta.