Kilomita za Gari la Japani Zinasema Nini Kwenye Makaratasi

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa kwenye yadi za Dar es Salaam na Mombasa yametoka Japani, na kila moja lilipotoka lilipewa cheti cha kufutwa kwenye daftari la magari la huko ili lisafirishwe nje. Mnunuzi huoneshwa dashibodi inayong'aa na tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa chapa na msafirishaji. Cheti chenyewe cha Kijapani hubaki kwenye faili la wakala wa forodha. Omba walau nakala yake, kwa sababu tafsiri huandikwa na mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Huhitaji kujua Kijapani. Tarakimu ni zilezile zetu, na kazi yako ni kulinganisha namba kwa namba. Jambo moja tu linahitaji hesabu: miaka mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme wao. Ikiwa ni enzi ya Heisei, ongeza 1988. Ikiwa ni Reiwa, ongeza 2018. Kwa hiyo Heisei 23 ni mwaka 2011, na Reiwa 4 ni 2022.

Cha thamani zaidi katika cheti hicho ni kilomita. Gari dogo la binafsi Japani hukaguliwa na serikali mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo huitwa shaken. Mkaguzi husoma kilomita na kuziandika kwa mamia, ndiyo maana utaona namba zinazoishia na sifuri mbili. Kwenye vyeti vya miaka ya karibuni huwa kuna usomaji wa mwisho pamoja na wa nyuma yake.

Tuchukue mfano wa gari lililosajiliwa mara ya kwanza Machi 2011. Cheti kinaonesha kilomita 78,600 kwenye ukaguzi wa Machi 2020, na 91,200 Machi 2022. Limefutwa Desemba 2023. Dashibodi yadini inasoma 68,412, na dalali anaapa kwamba lilikuwa la mzee aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Hapo mita imerudishwa nyuma. Katika miaka ile miwili lilitembea kilomita 12,600, yaani kama 6,300 kwa mwaka. Ukiongeza miezi 21 iliyofuata, lilipofutwa lilikuwa limefika karibu kilomita 102,000. Maelezo pekee yanayoweza kumwokoa muuzaji ni kwamba mita ilibadilishwa kihalali, na hilo kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya mnada. Halisemwi kwa mdomo.

Fungua pia boneti na mlango wa dereva. Mafundi wa Japani hubandika stika ndogo wanapobadilisha oili au mkanda wa taimingi, wakaandika tarehe na kilomita. Wanaorudisha mita huzisahau stika hizo mara nyingi kuliko unavyodhani. Stika iliyobanduliwa ikaacha alama ya gundi nayo ni sababu ya kuuliza.

Pengo la tarehe lina maana tofauti na kilomita zisizolingana. Tuseme gari hilohilo lilikaguliwa mara ya mwisho Machi 2020, lakini lilifutwa Desemba 2023. Kibali chake cha barabarani kiliisha Machi 2022, na baada ya hapo lilikaa zaidi ya mwaka na nusu bila ruhusa ya kutembea. Si lazima iwe hila; huenda mwenyewe alifariki na ndugu wakachelewa kuliuza. Lakini huenda pia liligongwa, au lilizama kwenye mafuriko. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame kama una mstari wa tope, kisha mulika tochi chini ya viti kwenye reli na boliti. Kutu nyingi hapo, ndani ya gari ambalo mwilini ni safi, ni dalili mbaya. Kwenye karatasi ya mnada, daraja R au RA lina maana kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa.

Namba ya chesisi usiiache. Magari ya soko la ndani la Japani hayatumii ile namba ya tarakimu na herufi 17. Yana namba fupi, herufi za modeli kwanza, kistari, kisha tarakimu. Isome ilipogongwa kwenye chuma, uilinganishe na cheti cha Japani na kadi ya gari. Herufi moja ikitofautiana huenda ni kosa la mwandishi, lakini kosa hilo lirekebishwe na muuzaji kwenye mamlaka ya usajili kabla hujalipa, kwa sababu baada ya hapo usumbufu ni wako.

Muuzaji akishindwa kukuonesha cheti cha Kijapani, lihesabu gari hilo kuwa halijulikani limetembea kilomita ngapi, na bei utakayompa iwe ya gari la namna hiyo.